Mchemraba Usiopakwa Rangi Chini

Wanafunzi walimwita Rula kwa sababu rula haikumtoka mkononi hata akienda kunywa chai, na walimu wenzake nao wakalidaka jina hilo mpaka yeye mwenyewe akalizoea. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa siku nyingi, mwanamke mwembamba, mkali kwa maneno, mwepesi wa kuhisi harufu ya hila. Mwanafunzi akipata alama nzuri ghafla, Rula hakumpongeza. Alimtazama kwanza.

Hesabu za kidato cha mwisho zilifundishwa na watu wawili. Yeye alikuwa na mkondo wa kwanza, na mkondo wa pili alikuwa nao kijana mmoja aliyevaa tai hata siku za joto kali, kwa hiyo naye alikuwa na jina lake: Mwalimu Tai. Walikuwa wakielewana. Meza zao ziligusana, chai walimimina kutoka chupa moja, na Tai alimwita dada.

Mtihani wa majaribio ulipokaribia, Rula alitunga swali alilolipenda sana. Mchemraba wa mbao, kila upande sentimita nne, umepakwa rangi nyekundu pande zote sita. Umekatwa kuwa vijichemraba vya sentimita moja moja. Je, vingapi vina rangi kwenye nyuso tatu, vingapi mbili, vingapi moja, na vingapi havina kabisa? Akaandika na majibu pembeni: nane, ishirini na nne, ishirini na nne, nane. Akampa Tai aipitie ile rasimu, kama taratibu zilivyotaka. Tai akasema swali ni zuri, ila rahisi kidogo.

Neno hilo lilimchoma. Asubuhi ya kwenda kuchapa, Rula alilibadilisha swali bila kumwambia mtu. Sentimita nne akazifanya tano. Tena akaongeza mstari mmoja chini: mchemraba ulipakwa rangi ukiwa juu ya meza, hivyo uso wa chini haukupakwa. Aliyepanga maneno hayo alijua anachofanya. Kwa mstari huo mdogo hesabu yote inapinduka. Kona za chini zinapoteza uso mmoja wa rangi, na visivyo na rangi vinaongezeka kwa sababu vya katikati chini havikuguswa na brashi. Jibu likawa vinne vya nyuso tatu, ishirini na nane vya nyuso mbili, hamsini na saba vya uso mmoja, na thelathini na sita visivyo na rangi. Ukijumlisha unapata mia moja ishirini na tano, kama inavyotakiwa.

Usahihishaji ulifanyika chumba cha walimu, mchana, madirisha yakiwa wazi. Swali hilo lilikuwa lake kulisahihisha kwa mikondo yote miwili. Alianza na mkondo wa pili. Karatasi ya kwanza: nane, thelathini na sita, hamsini na nne, ishirini na saba. Kosa. Ya tatu, vilevile. Kufika katikati ya rundo alikuwa ameona namba hizohizo mara nyingi kiasi cha kuweka kalamu chini. Yalikuwa majibu ya mchemraba wa sentimita tano uliopakwa pande zote sita.

Pande zote sita. Nani mwingine aliyeijua ile rasimu?

Akainua macho. Tai alikuwa ng'ambo ya meza, anapiga mluzi taratibu huku anajumlisha alama.

"Mwalimu," Rula alimwita, "ulifundisha michemraba ya rangi lini?"

"Ah, wiki ya mwisho kabla ya mtihani. Kwa nini, dada?"

"Nimeuliza tu."

Lakini hakuwa ameuliza tu. Kuanzia hapo kila alichofanya Tai kilikuwa na maana mbili. Akitoka kupokea simu, anampigia nani? Akicheka na wanafunzi barazani, wanacheka nini? Tuisheni yake ya jioni ilikuwa inajaa kuliko ya mwalimu yeyote, na kumbe sababu ndiyo hii! Rula akaacha kunywa chai ya ile chupa. Aliikunja rasimu yake, akaibana pamoja na karatasi za mkondo wa pili, akaenda nazo kwa mkuu wa shule.

Mkuu alikuwa mama mtulivu aliyezungumza kana kwamba kila neno analilipia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita Tai.

"Mwenzako anasema mtihani umevuja kupitia kwako," alimwambia. "Jitetee."

Tai alimgeukia Rula, si mkuu. "Dada, mimi?"

"Rasimu uliiona wewe peke yako," Rula akasema. "Ilisema pande zote sita. Wiki hiyohiyo ukaenda kufundisha michemraba ya pande zote sita, na watoto wako wakajibu pande zote sita wakati karatasi imewaambia chini hakuna rangi. Nifikirie nini?"

"Ufikirie kwamba hawasomi swali mpaka mwisho! Mada iko kwenye kitabu cha kiada, na mle michemraba yote imepakwa pande zote. Wameona rangi, wameona tano, wakakimbilia kanuni." Alivuta karatasi moja, akaiweka mbele ya mkuu. "Jumlisha hizi, mama. Nane, thelathini na sita, hamsini na nne, ishirini na saba."

Mkuu akajumlisha kwa penseli. "Mia na ishirini na tano."

"Tano mara tano mara tano. Hiyo tano wameisoma kwenye karatasi ya mtihani. Rasimu niliyoiona mimi ilikuwa na nne, na mchemraba wa nne unatoa vipande sitini na vinne. Aliyeiba rasimu angeandika ishirini na nne, ishirini na nne. Nitafutieni huyo. Mkimpata kwangu, naandika barua ya kuacha kazi hapahapa."

Jambo lenyewe lilikuwa wazi kama jua, na Rula, mtunga swali, hakuliona. Hasira ilikuwa imemtangulia njiani. Hata hivyo hakurudi nyuma. "Tutafute," akasema.

Wakapekua rundo la mkondo wa pili lote. Hakuna. Mkuu akasema kama ni kutafuta basi watafute kote, akaagiza rundo la mkondo wa kwanza, ambalo Rula alikuwa bado hajaligusa. Wengi walikuwa wamefanya kosa lilelile la kutosoma mstari wa mwisho. Wachache walikuwa wamepata. Kisha mkono wa mkuu ukasimama juu ya karatasi moja. Namba nne, bila hesabu yoyote ya kuonyesha zimetoka wapi: nane, ishirini na nne, ishirini na nne, nane.

Mkuu aliligeuza jalada, akasoma jina kimoyomoyo, akaisukuma karatasi kwa Rula. Ilikuwa ya binti wa marehemu dada yake Rula, anayelala chumba cha pili nyumbani kwake, anayemwita mama mdogo.

Tai aliona jina pia. Akaanza kuzirudisha karatasi nyingine kwenye rundo.

"Huenda alihesabu mikato," Rula alisema. "Vipande vitano vinapatikana kwa kukata mara nne. Watoto huchanganya hapo. Huenda alichukua nne badala ya tano."

"Huenda," mkuu akajibu. "Nenda ukajue."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Rula aliikumbatia hiyo huenda. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walishasema, lakini nani anataka kuikung'uta nguo yake mbele za watu? Alikumbuka sasa kwamba rasimu aliiandikia mezani sebuleni, na kwamba aliiacha pale alipokwenda kuoga. Alikumbuka pia kwamba siku ile binti alifuta meza bila kuambiwa.

Alimkuta jikoni, anaosha vyombo. Rula alivuta kigoda, akakaa.

"Lile swali la mchemraba," alianza, kama mtu anayepiga soga. "Uliandika ishirini na nne mara mbili. Ulihesabu mikato, eti?"

Binti alisuuza sahani aliyoishika. "Ndiyo, mama mdogo. Nilihesabu mikato."

Jibu lilikuja laini mno. Rula alijua amemwekea ngazi, naye ameipanda.

"Sawa. Basi tuseme ni nne. Ishirini na nne ya nyuso mbili uliipataje?"

"Nilizidisha."

"Nini kwa nini?"

Maji yalitiririka bombani. Binti aliifunga koki, akaifungua, akaifunga tena. "Sita... mara nne?"

"Sita ya nini?"

Hapo machozi yakamtoka, yakadondokea kwenye sufuria. "Niliiona mezani. Sikuiba, mama mdogo, niliiona tu, namba zikanikaa. Kwenye mtihani nikaziandika. Sikujua hata kama umebadilisha."

"Kwa nini? Mimi si nakufundisha kila siku?"

"Unanifundisha! Unachora ubaoni halafu unauliza, mmeona? Wote wanasema tumeona, na mimi nasema nimeona. Sijawahi kuona. Mimi naona mistari tu. Nikikuambia sioni, watu watasema huyu si mtoto wa Rula?"

Rula akainuka, akachukua mche wa sabuni ya kufulia, akakata kipande chenye urefu, upana na kimo sawa.

"Kalete rangi yako ya kucha."

Walikipaka pande zote sita, wakangoja kikauke. Kisha Rula akampa kisu. Mikato miwili kwa urefu, miwili kwa upana, miwili kwa kimo, kwa uangalifu, sabuni isivunjike. Binti alivitenga vipande kwenye sinia, akivigeuza kimoja kimoja. Vya kona vilikuwa vinane, vyenye nyuso tatu nyekundu. Vya kingo, kumi na viwili. Vya katikati ya kila uso, sita. Akabaki ameshika kimoja cheupe kitupu.

"Hiki kilikuwa ndani kabisa," akasema, kwa mshangao wa kweli. "Kumbe kingo ni kumi na mbili! Kila ukingo hapa umetoa kimoja. Kwa nne ungetoa viwili. Ishirini na nne."

"Enhe. Na kama chini tusingepaka?"

Binti alivigeuza vya chini, akafikiri. "Kona hizi nne zinabaki na nyuso mbili. Na hiki cha katikati chini kinakuwa cheupe. Vyeupe viwili."

Lilikuwa jibu sahihi. Rula hakumsifu. "Kesho utayasema yote kwa mkuu. Na mimi nina yangu ya kusema."

Asubuhi binti alisema yote, akafutiwa swali na kupewa adhabu. Rula alisimama chumba cha walimu wakati wa chai, wote wakiwepo, akasema alimshitaki mwenzake bure, kwamba mtihani ulitoka nyumbani kwake mwenyewe, na kwamba anaomba radhi. Wengine waliangalia vikombe vyao.

"Nimekusikia, Mwalimu," Tai akajibu. Hakusema dada.

Mkuu aliamuru swali lingine litungwe kwa mikondo yote, na kazi hiyo akampa Tai. Siku Tai alipokuwa akilitunga, Rula alipita nyuma ya kiti chake kwenda kuchukua chaki. Tai aliinamia meza, akaifunika karatasi kwa kiwiko mpaka alipopita. Rula alichukua chaki yake, akatoka, akaufunga mlango polepole.