Zamu ya Baba Katika Chumba cha Cherehani

Mtoto wa jicho alikuwa amemharibu baba macho yote mawili, na daktari alishampangia upasuaji siku ya Alhamisi. Baba akagoma. Hatoki katika chumba alichokuwa akishonea marehemu mama. Mzee huyu amefundisha falsafa miaka thelathini, kwa hiyo hata ukaidi wake una vyeti.

"Kuwepo ni kutambuliwa," aliniambia, mkono juu ya cherehani. "Ondoa rangi unayoiona, ubaridi unaougusa, mlio unaousikia. Cherehani inabaki na nini? Nikitoka, chumba kikabaki kitupu, cherehani yake haitakuwepo, nami nitakuwa nimempoteza mama yako mara ya pili."

Nilimwonea huruma, lakini pia nilikasirika. Mimi ni mwokaji mikate. Hoja zangu huumuka kwa hamira. Jumatatu nikakanda donge la unga, nikampa baba aliguse, nikalifungia stoo peke yake, nikakaa na baba saa nzima. Kisha nikamletea bakuli alishike. Donge lilikuwa limefura hadi ukingoni.

"Haya, nani alikuwa analiangalia?"

Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Umenigusisha donge dogo, sasa donge kubwa. Ya katikati umeyajaza mwenyewe. Na ukiwaza hiyo stoo tupu, tayari umeshaingia ndani kwa macho ya akili."

Hapo alinishinda, nikanuna. Ila sikukata tamaa.

Jumatano nikarudi. "Baba, ukisinzia hapo kitini, cherehani huenda wapi?"

"Haiendi popote. Mungu hasinzii, anaiona. Na hata ukiliweka hilo kando, kusema ipo maana yake ni kwamba yeyote atakayefungua mlango ataikuta."

"Basi falsafa yako yenyewe haikuhitaji humu! Mwenye kuiona yupo, na mlango unafunguka. Wewe unalinda nini?"

Alipapasa gurudumu la cherehani.

"Silindi kitu, mwanangu. Naogopa tu."

Nikamshika mkono. Alhamisi alfajiri alifunga mlango mwenyewe, ufunguo akautia mfukoni.

Alipotolewa bandeji za macho tukarudi nyumbani, akafungua. Cherehani ilikuwa pale pale, na vumbi jembamba juu yake. Akaitazama, akashusha pumzi, akageuka. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, kilining'inia kitu ambacho kabla ya upasuaji yeye alikiona kama kivuli tu, nami nilidhani ni pazia kuukuu. Lilikuwa shati ambalo mama alikuwa akimshonea, kwa kipimo chake, limebaki mkono mmoja kushonwa.

"Miezi mitatu nimekaa nalo chumba kimoja," alisema, "na kwangu halikuwepo."

"Lilikuwepo, baba."

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu hakubisha. Akalivaa hivyo hivyo, mkono mmoja wazi, akavuta kiti mbele ya cherehani.

"Nitafutie uzi wa rangi hii," akasema. "Sasa naliona tundu la sindano."