Salamu Moja Pungufu

Jumamosi ya mkutano, Direkta Léopold, mkuu wa shule, alipiga filimbi walimu walipokuwa ndiyo kwanza wananyoosheana mikono mlangoni.

"Basi! Leo hakuna salamu! Ingieni, mukae!"

Walimu wakaingia wakinung'unika. Hata Bertrand, aliyekuwa bado anafunga baiskeli yake nje, akaingia bila kumgusa mtu. Bella alikaa nyuma, karibu na dirisha lisilo na kioo. Tangu Jumatatu kila kitu kilimchokoza: mvua, risasi za milimani, sauti ya direkta, na zaidi ya vyote mama yake na mwalimu mwenzake, Madame Consolée, aliyekuwa amekaa mbele amejifunga kitenge chake cha Jumamosi kana kwamba duniani hakuna neno.

Neno lilikuwepo. Tangu Pasaka Bertrand alikuwa ametuma wazee wa kwao wa Kiliba kumposa Bella. Madame Consolée aliwapa viti, akawapa chai, akawaambia, "Tungoje vita vipite kwanza." Vita vyenyewe vilikuwa na mwaka wa tatu. Sasa ndugu zake Bertrand walikuwa wanavuka mpaka kukimbilia Bujumbura siku ya Jumatatu, na jana alimwambia Bella, "Kama mama yako hajajibu kufikia kesho, nitajua jibu ni hapana. Nitavuka nao."

"Mama hajasema hapana," Bella alimjibu.

"Hajasema kitu. Ila ananisalimia vizuri. Kila asubuhi ananipa mkono mzima."

"Ndiyo hiyo inayonisumbua," Bella alisema, na wote wawili walijua kwa nini. Kwa desturi yao, mama hampi mkono mkwe wake, mume wa binti yake.

Direkta alichukua kipande cha muhogo mkavu, maana chaki zilikwisha tangu walimu wa Nyamianda wahamie hapa shule ya Rugenge baada ya askari kulala katika madarasa yao. Sasa walimu walikuwa ishirini, bila kumhesabu yeye.

"Munajua kwa nini masomo hayaanzi kwa saa?" alisema. "Salamu! Kila mutu anasalimia wenzake kumi na tisa. Kumi na tisa mara ishirini." Akaandika ubaoni: 380. "Salamu mia tatu na themanini kila asubuhi! Tangu leo, zimekatazwa."

Bella alikuwa mtu wa kunyamaza. Katika mikutano yote ya mwaka ule alikuwa amesema "ndiyo" mara mbili na kupiga chafya. Lakini ile 380 ilimkaa machoni kama mchanga.

"Si kweli," alisema.

Vichwa vyote viligeuka. Akatamani kuingia chini ya dawati.

"Nini si kweli, Mamzel?"

"Hesabu, Direkta. Ukinipa mkono, weye umenisalimia na minye nimekusalimia, lakini mikono imekutana mara moja tu. Weye umeihesabu kwako, halafu umerudi kuihesabu kwangu. Igawe kwa mbili. Ni mia moja na tisini."

"Mia na tisini!" Mwalimu Mathieu alicheka. "Mukubwa, amekukata nusu ya kesi!"

"Kaa kimya, Mathieu. Mamzel, njoo utuonyeshe."

Bella akaenda ubaoni. Akawaomba wote watoke, waingie mmoja mmoja, na kila anayeingia asalimie waliomo ndani kisha aseme amesalimia wangapi. Kwa kuwa yeye angeandika, direkta alishika nafasi yake, ili waendelee kuwa ishirini.

"Wa kwanza hakuti mutu," alieleza. "Sufuri. Wa pili anakuta mmoja. Wa tatu, wawili. Wa mwisho anakuta kumi na tisa. Sasa shika wa kwanza na wa mwisho: sufuri na kumi na tisa. Wa pili na yule anayetangulia wa mwisho: moja na kumi na nane, inarudi kumi na tisa. Hivyo hivyo mupaka katikati. Jozi kumi, kila jozi kumi na tisa."

Wakaingia. Bella aliwapa mgongo, akaandika kila namba iliyotajwa. Mama yake aliingia wa kumi na tano, akasema, "Kumi na nne." Bertrand aliingia wa kumi na nane.

"Kumi na sita," alisema Bertrand.

Muhogo ukakatika mkononi mwa Bella. "Kumi na saba, Mwalimu."

"Kumi na sita."

Alisema kwa sauti ya ajabu, kama mtu aliyemeza kitu cha moto. Bella akadhani ni hasira ya jana. Jumla ikatoka mia moja themanini na tisa.

"Haya!" Direkta akapiga makofi. "Si yangu, si yake! Mamzel amefika na hesabu ya tatu!"

"Mwalimu Bertrand hajui kuhesabu watu," Bella alisema, na sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Tokeni tena. Aliyeingia wa mwisho atangulie."

"Loo, Bella, magoti yangu!" alilia mwalimu mzee Marie. "Twende nyumbani, risasi zikianza utatubeba?"

Walitoka, wakarudi kwa kinyume. Safari hii Bertrand alikuwa wa tatu. "Wawili," alisema, na ilikuwa sawa. Bella akashusha pumzi. Wa nne, watatu. Wa tano, wanne. Wa sita akawa mama yake.

"Wanne," alisema Madame Consolée.

"Watano, Mama!"

"Nimesema wanne. Mimi ndiye niliyekuzaa, nitashindwa kuhesabu mikono?"

Waliosalia waliingia na namba zao zote sawa. Jumla: mia moja themanini na tisa. Mathieu alikuwa amejiinamia akicheka. Direkta aliuliza kwa kejeli kama na yeye aende chuo kusomea hesabu za namna hiyo. Bella aliegemea ubao, vumbi la muhogo likimjaa mgongoni, karibu kulia kwa uchovu wa watu hawa.

Kisha akatazama namba zenyewe. Mara ya kwanza alipungukiwa Bertrand, na mama alikuwa tayari ndani. Mara ya pili alipungukiwa mama, na Bertrand alikuwa tayari ndani. Kila mara ilipungua moja tu, tena kwa yule aliyechelewa kuingia kati ya hao wawili. Hakuna aliyekosea kuhesabu. Kulikuwa na mkono mmoja ambao haukutolewa.

"Mama," alisema taratibu. "Hukumusalimia Mwalimu Bertrand."

Madame Consolée alikuwa ameficha mikono ndani ya kitenge.

"Sasa weye Bella, nimupe mukwe wangu mukono mbele ya watu? Unataka wanicheke?"

Bertrand aliinamisha kichwa, akatazama vidole vya miguu yake. Kisha Marie akasahau magoti yake, akaruka akipiga vigelegele.

"Mama!" Bella alipiga kelele. "Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Nilisikia risasi, nikasema, nikingoja hivi vita viishe nitazikwa bila mujukuu."

"Na ukaniacha niwazungushe watu mara mbili!"

"Uliniuliza hesabu. Hukuniuliza mambo ya ndoa."

Bella alitaka kukasirika, na alikasirika kweli, huku machozi yakimtoka na Bertrand akimtolea leso. Akageukia ubao, akafuta 380 kwa kiganja, akaandika 190, akatoa moja.

"Direkta, kanuni haikukosea."

"Nimeona," alisema Direkta Léopold. "Mia moja themanini na tisa. Bado ni nyingi. Zimekatazwa. Mukutano umekwisha!"

Walimu ishirini wakasimama, na kila mmoja akaanza kuwapa wenzake mkono wa kwaheri. Direkta alitafuta filimbi yake mifukoni. Mathieu alikuwa ameikalia.