Karata Hazijasema

Mume wangu hupima kila kitu. Ni fundi wa pampu katika idara ya maji, na mimi humwita Bwana Vipimo, maana hata chumvi huiweka kwa kijiko cha dawa. Jumapili mchana aliingia chumba changu cha kushonea, akanikuta nimepanga karata za taroti, zile za picha ambazo watu huzitumia kubashiri, juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Kumbe ni kweli," alisema. "Mambo yetu unayapeleka kwenye ramli."

Alikuwa amepewa ukuu wa kituo cha pampu katika mji mwingine, na Jumatatu alitakiwa kutoa jibu. Wiki nzima alinisifia nyumba ya kazini na cheo, na mimi nikawa nasema bado nafikiria. Tukienda, chumba hiki nilichokihangaikia na wateja wangu wote wanabaki huku. Nikikataa, nimemzibia riziki. Nilikuwa nimevurugikiwa hasa, kila nikishika ncha moja nyingine inaponyoka.

"Keti," nilimwambia. "Hii si ramli."

"Shangazi yangu naye alisema si ramli. Akatajiwa jirani kuwa ndiye mbaya wake, mpaka leo hawasalimiani."

"Shangazi aliuliza nani anamroga. Mimi sikuuliza twende au tusiende. Niliuliza, katika safari hii ni kitu gani sitaki kukiangalia? Nikazichanga huku nikiwaza swali langu, nikazikata kwa mkono wa kushoto, nikatoa tatu za juu. Ya kwanza ni hali ilivyo, ya pili ni kinachonishika, ya tatu ni hicho ninachokikwepa."

"Kwa nini kushoto?"

"Ndivyo nilivyofundishwa. Ukikata kwa kulia hakuna atakayekufunga."

Alikaribia kucheka, akajizuia. "Na hizo karatasi zinajuaje mambo yako?"

"Hazijui kitu. Zimetoka kwa bahati tu. Lakini picha ikiwa mbele yangu inabidi niseme neno, na neno hilo linatoka kwangu. Ni kama chaki kwenye kitambaa. Chaki haikati. Mstari ukikaa vibaya, naupangusa."

Nilimwonyesha ya kwanza, Panga Mbili: mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni, panga zimepishana kifuani. Hapo sikuhitaji mwalimu. Ya pili ilikuwa Sarafu Nane, fundi kwenye benchi lake akigonga sarafu moja baada ya nyingine, na nilipoiona niliisikia cherehani yangu.

"Basi zimesemaje?" aliuliza.

Neno hilo lilinichoma. "Hazijasema. Tutasema sisi. Hii ya tatu ni Vikombe Vinane. Unaona nini?"

Akainama, akaikagua kama anayesoma mita. "Mtu anaondoka. Kavaa nyekundu, ana fimbo, katupa mgongo. Vikombe kaviacha vimepangwa, ila safu ya juu ina pengo. Mwezi unamtazama."

"Anajisikiaje?"

"Ana huzuni. Kalazimishwa huyu."

"Nani kamlazimisha? Mbona yuko peke yake?"

Nami nilizidi kuchanganyikiwa, kwa sababu nilikuwa nimeitazama karata ile tangu asubuhi na huzuni sikuiona hata kidogo. Mimi nilimwona mtu anayetembea haraka. Nilidhani ni yeye, mume wangu, anakimbilia cheo chake.

"Toa nyingine," alisema ghafla. "Uliza twende, ndiyo au hapana."

"Wewe si huziamini?"

"Toa tu."

Niliweka mkono juu ya fungu, na kusema kweli nilitamani. Karata moja tu, ugomvi umekwisha, hakuna wa kulaumiwa. Kidole kilishaanza kuiinua. Kisha nikaona alivyobana midomo, mtu mzima na vipimo vyake, anasubiri kuhukumiwa na kipande cha karatasi, nikaogopa. Nikaondoa mkono.

"Kesho utamwambia mkuu wako nini? Kwamba karata zimekukataza?"

"Kwamba mke wangu kakataa," alisema polepole. "Nilikuwa nangoja ukatae. Pampu za hapa nazijua kwa mlio, nikiwa mlangoni tu najua ipi inaumwa. Kule nitakaa ofisini nisaini. Sitaki kwenda."

Ningepaswa kushukuru. Chumba changu kimepona, wateja wangu, kila kitu. Badala yake moyo ulinidondoka. Niliangalia kola za sare za shule nilizozirundika pembeni, kola zilezile za mwaka jana na mwaka juzi, nikahisi kuchoka mpaka mifupani. Nikamtazama tena yule mtu wa nyekundu.

"Mbona hufurahi?" aliuliza.

"Sijui."

"Hutaki kubaki?"

"Mimi nataka kwenda," nilisema, na maneno hayo yalinishtua mimi kuliko yeye.