Vyumba Sita vya Uani

Muuguzi alisimama uani, begi bado begani. Miaka kumi na miwili ughaibuni alipiga hesabu ileile: kati ya vyumba sita alivyojengewa na kaka yake kwa pesa alizotuma, kimoja alale, vitano vipangishwe, kodi imlishe mpaka karakana yake ya kushona sare za hospitali isimame.

Kaka akafungua mlango wa kwanza: shangazi. Wa pili: binamu, mke na mapacha. Hadi wa tano, kila mlango ulifungukia ndugu.

“Kodi wanalipa vizuri?” aliuliza.

Kaka akaangua kicheko. “Kodi gani, dada? Hawa si ndugu zako! Ningewadaije, na wewe unakula mshahara wa ng’ambo?”

“Na cha sita?”

“Nakaa mimi.”

Shangazi akamkumbatia. “Mungu akuzidishie, mwanangu. Bila kazi yako tungelala nje. Likizo inaisha lini?”

Macho yote yakamgeukia. Barua ya kuacha kazi alikwisha kuikabidhi tangu mwezi uliopita, na nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine.

“Wiki ijayo, shangazi,” akasema.