Maelezo Yaliyobaki Ndani ya Picha

Ujumbe uliingia Jumatano asubuhi, nikiwa nimesimama jikoni nasubiri mkate uive kwenye tosta.

"Picha nzuri sana. Ule mti uliopigwa radi bado umesimama?"

Niliusoma mara tatu. Mtumaji simjui. Mti uliopigwa radi upo, na bado umesimama, lakini kwenye picha haupo. Picha ina ua moja tu, okidi buibui, na nyuma yake majani makavu yaliyofifia. Niliipiga kwa magoti Jumamosi, nikaiweka mwenyewe kwenye tovuti ya kikundi chetu cha wapenda okidi Jumapili.

Mahali pale sisi hatupataji kwa jina. Hata tukiwa peke yetu tunasema "kwa shangazi": Jumamosi tunakwenda kwa shangazi, shangazi amepata mvua. Tukifika getini simu zote zinaingia kwenye kopo la biskuti na kopo linabaki garini. Kwa shangazi kuna okidi ishirini na tatu, na hatujui nyingine upande huu wa jimbo letu la Victoria, Australia, ila kundi moja dogo kusini. Wapo watu wanaokuja na mwiko wa bustani, wakazing'oa wakauze au wakajisifu. Kwenye chungu hazimalizi mwaka. Zinaishi kwa kuvu wa udongo ule ule, na kuvu habebeki.

Kamera yangu huandika mahali ndani ya kila picha. Hilo nililijua. Jumapili niliifungua picha nikasoma ilichobeba: jina la kamera, lenzi, tarehe, kasi ya kupiga, halafu latitudo na longitudo, tarakimu za kumfikisha mtu hatua chache kutoka kwenye ua. Nikazifuta hizo mbili. Kasi na lenzi nikaziacha, kwa sababu wanachama wanapenda kuziona wajifunze. Nikajaribu kuifungua picha kwenye ramani, ramani ikasema haina mahali. Nikalala vizuri.

Sasa niliipakua kutoka kwenye tovuti, kama mgeni yeyote angefanya, nikasoma kila mstari kuanzia juu. Latitudo hakuna. Longitudo hakuna. Chini kabisa, kwenye nafasi ya maelezo, palikuwa na maneno yangu mwenyewe: "Geti la tatu, barabara ya mgodi. Mti uliopigwa radi, hatua 140 mashariki. Mimea 23."

Chuoni tulifundishwa kwamba kielelezo cha mmea kisichoandikwa kilipotoka ni takataka. Kwa hiyo kila picha ninayoiingiza kwenye kompyuta naiandikia, siku ile ile, na programu inayazika maneno hayo ndani ya faili. Kufuta tarakimu za ramani hakuyagusi maneno.

Niliiondoa picha. Nikafuta kila kitu ndani yake, nikaisoma tena kuhakikisha, kana kwamba ingesaidia. Kumbukumbu za tovuti zilionyesha faili kamili ilishapakuliwa mara tisa. Mkate ulikuwa umeungua.

Nerida ana miaka sabini na mmoja, alifundisha hesabu, na kibali cha kuitunza mimea ile kiko kwa jina lake. Nilimpigia simu.

"Tegan, kipenzi, mbona asubuhi hivi? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimewaambia watu kwa shangazi ni wapi."

Nikamweleza yote, maneno yakinikimbia mdomoni.

"Hatua mia na arobaini," alisema. "Ulihesabu?"

"Nilihesabu."

"Ningekuwa bado mwalimu ningekupa alama zote. Njoo unichukue. Na lete mkasi, ule mdogo wa kucha."

Njiani alimpigia afisa wa misitu. Afisa alikuwa mwendo wa saa tatu kutoka pale, akasema atafika mchana na ataleta kamera za kufunga mitini. Nerida alikata simu, akatazama nje. Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Getini hapakuwa na gari. Tuliweka simu kwenye kopo kwa mazoea tu, nikaona aibu nilipofunga kifuniko. Tukahesabu maua: ishirini na matatu. Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu jikoni.

"Usifurahi bado," alisema Nerida. "Leo yanaonekana toka mbali. Mtu akifika hapa na maneno yako, atayakuta kabla hajamaliza kuhesabu hatua."

"Tuyafunike na vizimba?"

"Kizimba ni kibao cha kumwonyesha. Hapana. Tunakata maua."

Nilitoa mkasi, sikuufungua.

"Jani ni moja, limelala chini, kama jani la nyasi," alisema. "Bila ua hata mimi silioni nisipopiga magoti. Yale kumi na moja tuliyoyapaka chavua Jumamosi, kata petali tu, uache kifuko cha mbegu kwenye bua. Yatazaa. Haya kumi na mawili..."

Haya kumi na mawili yalikuwa yakisubiri chavua kutoka kundi la kusini, ambayo ingeletwa Jumamosi ijayo. Bila hiyo hayana mbegu. Msimu ujao ni mwaka mzima, na si kila mmea huchanua kila mwaka.

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Tukae hapa tukilinda wiki tatu, usiku na mchana, mimi na goti langu hili. Kata, mwanangu."

Nilipiga magoti. Petali za okidi buibui ni ndefu na nyembamba, na mwisho wake ni mweusi kidogo kama umeguswa na moto. Nilikata ua la kwanza, nikaomba radhi kwa sauti ndogo, Nerida akajifanya hakusikia. Nilifika la kumi na mbili sioni vizuri kwa machozi. Petali zote nilizitia mfukoni, kwa sababu hata petali chini ni dokezo.

Tulikuwa tunafagia alama za magoti yetu kwa tawi tuliposikia mlango wa gari.

Mwanamume alikuja akihesabu. Midomo ilikuwa ikitikisika. Begani alikuwa na mfuko wa turubai uliofungwa. Alisimama hatua tatu kutoka kwetu, na kiatu chake cha kushoto kikawa shubiri moja kutoka kwenye jani nililolijua.

"Habari zenu," alisema. "Mmepoteza kitu?"

"Hereni," alisema Nerida. "Ya marehemu mume wangu."

"Mume wako alivaa hereni?"

"Alikuwa baharia, bwana. Unataka nikusimulie?"

Alicheka kidogo, akazungusha macho chini. "Nilisikia kuna maua hapa. Okidi."

"Yalikuwepo," nilisema. Sauti ilitoka, sijui ilitoka wapi. "Mwaka huu yamekwisha."

Alinitazama muda mrefu. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umekamata petali laini zenye unyevu. Sikujua kama mfukoni mwake mlikuwa na kamera au mwiko, na sikuthubutu kuuliza. Huenda alikuja kupiga picha tu. Huenda nilikata maua kumi na mawili kwa kumhofia mtu aliyeyapenda kama mimi.

"Pole kwa hereni," alisema mwishoni, akageuka. Kiatu kiliinuka. Jani lilikuwa zima.

Tulisubiri mpaka injini iishe kusikika. Nerida aliketi juu ya gogo, akanyoosha goti lake.

"Wanachama tutawaambiaje?" aliuliza.

"Nitawaandikia mimi. Leo. Kwa jina langu."

"Neno kwa neno?"

"Jambo lilivyokuwa. Ila bila zile hatua mia na arobaini."

Aliitikia kwa kichwa, akaninyooshea mkono nimwinue.