Wimbo wa Saa Nne na Robo

Fundi wa nguo mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo kwa sababu pindo lake la suruali halikuwahi kufumuka, alikuwa ameshika pakiti ya sabuni ya unga dukani aliposikia sauti ya binti yake ikiimba kwenye spika ya darini.

Hakusikia maneno vizuri. Alichosikia ni pumzi. Binti yule alikuwa na pumu, na tangu akiwa mdogo alikuwa akifika neno la mwisho la mstari anavuta hewa kidogo, hik, kama mtu anayeruka kidimbwi, ndipo alitamke. Mama aliyekesha na kifua hicho miaka kumi hawezi kukikosea. Alisimama pale na pakiti yake mpaka wimbo ukaisha, likaingia tangazo la mafuta ya kupikia.

Miaka mitatu hakuwa amesikia pumzi ile. Miaka mitatu tangu alipochukua mkasi akalikata gauni la kuimbia ambalo binti alilishona mwenyewe, mshono kwa mshono, kwenye cherehani ya mama yake. Akamwambia, "Siku kuimba kutakapokulisha ndipo unipigie." Binti alikusanya vipande, akatoka. Namba yake haikupatikana tena. Wewe mzazi unayesoma haya, mkasi ukiwa mkononi uweke chini kwanza, ndipo useme.

Alilipa sabuni, akamuuliza keshia, "Mwanangu, ule wimbo uliopita sasa hivi ni wa nani?"

"Wimbo gani, mama?"

"Uliokuwa unapigwa humu."

Keshia akacheka. "Mimi hata siusikii tena. Ukishinda humu kutwa, unakuwa kama feni. Muulize meneja."

Meneja alikuwa mtu wa heshima mwenye funguo nyingi kiunoni. Alimwonyesha kisanduku cheusi juu ya kabati la ofisi, kisichozidi kitabu. "Nyimbo zinatoka humu, mama. Kuna kampuni inatuletea kwa mtandao, inapanga yenyewe. Sisi tunapunguza sauti na kuongeza, basi. Hiki kioo kinaonyesha unaopigwa sasa tu. Ukipita, umepita."

"Hao kampuni hawajui walichopiga?"

"Wanajua. Wanaweka kumbukumbu, kila tawi na muda wake. Ila kwa siku thelathini tu, kisha inafutika." Akamtazama usoni, akavuta karatasi. "Ulisikia saa ngapi?"

Mama Pindo alikuwa ametazama saa ya ukutani juu ya sabuni. "Saa nne na robo."

Meneja akaandika tarehe, jina la tawi, 4:15, na ombi akalituma.

Siku zile za kungoja mama alihamia dukani. Mdogo wake alimsindikiza na simu yake, ile yenye kitu cha kusikiliza wimbo na kukutajia jina. Walizunguka rafu mpaka mlinzi akaanza kuwafuata.

"Dada, tununue hata kiberiti," mdogo wake alinong'ona. "Huyu anadhani tumekuja kuiba."

Siku ya nne wimbo ukaja tena, mwishoni mwishoni. Mdogo wake aliinua simu juu kama anayepima mvua. Simu ilisikiliza, ikazunguka, ikaandika: haujapatikana.

Keshia ndiye aliyewaeleza. "Hizo nyingi zinatengenezwa kwa ajili ya maduka. Haziuzwi nje, redioni hazipigwi. Simu itazijulia wapi?"

Kisha mwezi ukageuka, kampuni ikabadilisha nyimbo zote, na pumzi ile haikusikika tena. Mama akabaki na karatasi ya meneja peke yake. Jibu lilifika siku ya ishirini na moja.

"Mama, kaa kwanza," meneja alisema. "Wanasema saa hiyo tawi lilikuwa limefungwa. Hakuna wimbo uliopigwa. Wakatazama na ya jioni, wakakuta kinanda kitupu, hakuna mtu anayeimba."

"Nilikuwa hapa. Nilisikia."

"Labda ilikuwa simu ya mteja."

Alirudi nyumbani akakaa mbele ya cherehani bila kutia uzi. Wiki nzima wateja walikuja wakakuta nguo zao vilevile. Alianza kuisikia pumzi ile kwenye bomba la maji, kwenye bawaba za mlango, na ndipo akaogopa kweli, kwamba labda hata dukani ilikuwa hivyohivyo. Kwamba anasikia sauti kwa sababu mwenye sauti hayupo tena. Hilo hakumwambia mtu.

Siku ya ishirini na tisa mdogo wake alikuja kumfulia. Alipoinua pakiti ya sabuni, risiti ikaanguka.

"Dada, si ulisema ulikwenda saa nne?"

"Saa nne na robo ndipo nilimsikia. Nikaenda kulipa."

"Mbona hapa wameandika kumi na dakika ishirini na moja?"

"Mashine yao mbovu. Saa kumi nilikuwa hapa napiga pasi."

Mdogo wake akaitazama risiti, akamtazama dada yake, akakaa juu ya ndoo. "Mashine si mbovu. Mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa nne yetu ya asubuhi ni kumi yao. Wewe ulitaja saa nne, meneja akaandika nne, na wao wakaenda kutafuta nne yao, alfajiri, duka limefungwa."

Mama Pindo alikuwa ameshafika barabarani, kandambili moja mguuni.

Meneja aliposoma risiti alijipiga paji la uso. "Nimeandika kama ninavyosema. Nisamehe, mama." Safari hii hakutuma barua, alipiga simu akangoja kwenye laini, akasoma namba za risiti mara mbili. Kisha akaandika, akamgeuzia karatasi.

Tarehe ile, 10:15. Wimbo: Uzi Mwekundu. Mwimbaji: Binti Pindo.

Mama alipitisha kidole juu ya jina lile kama anayekagua mshono. Alikuwa amemkatia gauni, naye binti akaenda kuvaa jina la mama yake.

Chini yake meneja alikuwa ameandika anwani ya studio yenye wimbo. Mdogo wake aliwaandikia jioni ileile. Studio ilijibu kwamba wimbo ulirekodiwa mwaka huu, kwamba namba za wasanii hawatoi, ila ujumbe wataufikisha. Mama alitaka kusema mengi. Kila alichotaja, mdogo wake akiandika, aliomba kifutwe. Ulibaki mstari mmoja: Nilikosea kukata. Nipigie hata kama hujala.

Siku sita hakuna kitu. Ya saba, studio ikaleta jibu: Jumamosi, 4:00, nitapiga.

Jumamosi saa tatu alikuwa ameshaiweka simu juu ya meza ya cherehani. Saa nne ikafika. Ikapita. Saa tano, saa sita. Mdogo wake alimletea chai ikapoa, akaleta nyingine.

"Ameghairi," mama alisema. "Ningekuwa yeye ningeghairi."

"Dada. Ameandikaje? Nne, nukta mbili, sifuri sifuri. Huyo anafanya kazi na watu wa risiti."

Mama aliivuta simu karibu. Aliitazama saa ya ukutani ikivuka saa saba, saa nane, saa tisa, na hakuthubutu hata kwenda msalani.

Saa kumi kamili simu ikalia. Akaishika kwa mikono miwili, akaiweka sikioni, na kabla ya neno lolote akasikia mtu anavuta hewa kidogo, hik.