Fundi Viatu Aliona Miguu Tu

Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kiko pale barabara zinapokutana, na kazi yangu ni kuinama. Kwa hiyo lori lilipomgonga shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akiwa na pikipiki yake ya kupelekea mikate, mimi sikuona. Nilisikia kishindo, nikainua kichwa. Alikuwa amelala kando ya lami akitukana, nikajua atapona.

Dereva wa lori aliwaambia askari kuwa shemeji alimchomekea mbele ghafla. Wakimwamini, leseni ya shemeji imekwenda na kazi imekwenda.

"Utasema lori lilikuja kama limefukuzwa na nyuki," mke wangu alinifundisha huku nikinyoa ndevu.

"Sikuliona, mama watoto."

"Mwenzio ana plasta mpaka nyongani, wewe unaniletea habari za sikuona."

Kituoni nilianza na undugu: huyu ni shemeji yangu, usije ukaambiwa na mwingine. Askari wa barabarani, mama mmoja mwenye miwani, akaandika.

"Lori lilikuwa mwendo gani?"

"Sijui."

"Nani alikosea?"

"Sijui."

"Sasa baba, umekuja kufanya nini?"

"Kukwambia habari za miguu."

Nikamweleza. Kutoka kibandani hadi mstari mweupe wa kusimamia ni hatua kumi, nimezipima mwenyewe, na hakuna kinachoziba. Nikiinama naona viatu tu. Niliona pikipiki imesimama nyuma ya mstari na viatu vya shemeji vyote viwili viko chini, cha kushoto kimefungwa waya, aibu kwa mtu mwenye shemeji fundi. Nikarudi kwenye soli, nikapiga misumari miwili, kishindo kikalia. Sikusikia pikipiki ikiondoka.

"Hukusikia, au haikuondoka?"

"Sikusikia. Andika hivyo hivyo."

Aliponisomea nikakuta ameandika "lori lilimgonga akiwa amesimama". Nikakataa, kwa sababu kugongwa sikukuona. Akacheka, akakata maneno yale, nikaweka sahihi pembeni ya mkato na chini ya kila ukurasa.

"Nina mashahidi wanne walioona kila kitu," alisema, "na kila mmoja ana lori lake." Akafungua mchoro alioupima siku ya ajali. Mkwaruzo wa pikipiki kwenye lami ulianzia nyuma ya mstari, palepale nilipoiona miguu.

Siku ya tatu alimwita dereva, akamwekea mchoro na maelezo yangu mezani. Dereva akasoma, akakiri kwamba alikuwa akiangalia simu.

Mke wangu alipokea habari jikoni, akacheza na mwiko mkononi, akampigia mdogo wake: pona haraka, kazi yako inakusubiri.

"Kwani shemeji aliwaambia nini?" tulimsikia akiuliza.

"Alisema hajui," mke wangu akajibu, akacheka mpaka akakaa chini.